Kidonge cha Presha na Kikohozi cha Usiku

Mwanamke wa miaka 52 alianza kidonge cha presha wiki sita zilizopita. Sasa anakohoa usiku, kikohozi kikavu kisichotoa makohozi. Hana homa, hajapungua uzito, na picha ya kifua ni safi. Kati ya dawa zilizoorodheshwa hapo juu, ni ipi inayomkohoza, na inafanya kazi vipi mwilini?

Hili ni swali la kuoanisha, aina ya swali ambalo wanafunzi wa famasia, uuguzi na utabibu hukutana nalo karibu katika kila mtihani wa dawa. Safu ya kwanza ina majina ya dawa au makundi yake. Safu ya pili inaeleza kila kundi linafanya nini mwilini. Safu ya tatu ina maudhi, yaani yale ambayo dawa humletea mgonjwa bila yeye wala daktari kuyataka. Kazi ya mwanafunzi ni kuunganisha. Karatasi nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atakayelalamika miaka miwili baadaye atalalamika kwa Kiswahili, na hatataja safu yoyote.

Wanafunzi wengi huzikariri hizi jozi kama majina ya mitaa: enalaprili na kikohozi, amlodipini na kuvimba miguu, propranololi na pumu. Njia hiyo inafanya kazi hadi mtunzi wa swali abadilishe maneno kidogo. Anayepita salama ni yule aliyegundua kwamba safu ya tatu mara nyingi imeshaandikwa ndani ya safu ya pili. Akijua dawa inagusa nini, anauliza swali moja tu: kitu hicho kinafanya kazi gani nyingine mwilini? Dawa za presha zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko kundi lolote ninalolijua, kwa hiyo tubaki nazo.

Tuanze na yule mama anayekohoa. Presha ya damu ikishuka, figo hutoa kitu kiitwacho renini. Renini hukata protini moja inayotengenezwa na ini, kinapatikana kipande kidogo kiitwacho anjiotensini ya kwanza, ambacho peke yake hakina nguvu kubwa. Kipande hicho kinapopita kwenye mishipa ya damu, hasa ya mapafu, hukutana na kimeng'enya tutakachokiita kigeuzi. Kigeuzi hukikata tena na kukifanya anjiotensini ya pili, na hii ndiyo yenye makali: inabana mishipa ya damu na kuuambia mwili utunze chumvi na maji. Presha inapanda.

Enalaprili, pamoja na ndugu zake kaptoprili na lisinoprili, humzuia kigeuzi asifanye kazi. Anjiotensini ya pili inapungua, mishipa inalegea, presha inashuka. Hiyo ndiyo safu ya pili, na mwanafunzi anayeishia hapo hataona kikohozi kinatoka wapi, kwa sababu hakuna mahali katika hadithi hiyo panapogusa koo.

Jibu liko kwenye kazi ya pili ya kigeuzi. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kitu kingine kiitwacho bradikinini, ambacho hupanua mishipa ya damu na kuwasha ncha za neva katika njia ya hewa. Kigeuzi kikizuiwa, bradikinini haivunjwi kwa kasi ya kawaida, inarundikana, na koo linaanza kuwasha. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, ingawa kuna vitu vingine vidogo ambavyo kigeuzi huvivunja na ambavyo huenda navyo vinachangia. Mgonjwa husema kuna kitu kinamtekenya kooni, anakohoa, hakitoki kitu.

Historia ya dawa hii inaifanya jozi hii isisahaulike. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Brazili wakiongozwa na Maurício Rocha e Silva walichanganya damu na sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaka, wakaona kitu kipya kinazaliwa humo chenye uwezo wa kushusha presha. Kitu hicho ndicho bradikinini. Miaka ya 1960 mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akaonyesha kwamba sumu hiyo ina pia kitu kinachoifanya bradikinini idumu na kuwa na nguvu zaidi. Baadaye ikajulikana kwamba kinachofanya hivyo kinazuia kigeuzi. Wanakemia wa kampuni ya Skwibu ya Marekani wakatengeneza kidonge kwa kufuata nyayo hizo, na kaptoprili ikaidhinishwa huko mwaka 1981. Kwa maneno mengine, bradikinini ilikuwapo kwenye hadithi kabla dawa yenyewe haijakuwapo. Kukohoa kwa mgonjwa hakukuingia kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo mtunzi mzuri wa swali anapoweka mtego wake. Kwenye safu ileile ya majibu ataiweka losatani. Losatani nayo inapambana na anjiotensini ya pili, ila kwa njia nyingine: inaziba vipokezi, yaani pale anjiotensini inapojibandika kwenye ukuta wa mshipa ili kuubana. Kigeuzi kinaachwa kikiendelea na shughuli zake, ikiwemo kuvunja bradikinini. Kwa hiyo losatani inashusha presha kwa kupitia mlolongo uleule lakini mara chache sana hukohoza. Mwanafunzi aliyekariri kwamba dawa za anjiotensini hukohoza atachagua vibaya. Aliyefuata kigeuzi atachagua enalaprili bila kusita, na akiulizwa mgonjwa abadilishiwe nini, losatani inamjia yenyewe.

Dawa hizi mbili zinafanana kwenye udhia mwingine, na hapo pia mtunzi hupenda kukaa. Zote mbili hupunguza homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuisaidia figo kutoa potasiamu. Kwa hiyo zote zinaweza kupandisha potasiamu mwilini, hasa kwa mwenye figo dhaifu, na potasiamu ikipanda sana moyo huweza kupiga bila mpangilio. Swali likiuliza ni dawa ipi hupandisha potasiamu, huku enalaprili na losatani zote zimo kwenye orodha, basi swali lenyewe lina kasoro, isipokuwa maelekezo yaseme kwamba jibu linaweza kuwa zaidi ya moja.

Kabla hatujamwacha mama yetu, tuangalie mambo ambayo swali limeyataja bila kuulizwa: hana homa, hajapungua uzito, picha ya kifua ni safi. Yamewekwa ili kufunga milango mingine, na mlango mkubwa kuliko yote huku kwetu ni kifua kikuu. Kwenye karatasi milango imeshafungwa. Kituoni haijafungwa. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi anastahili kuchunguzwa kifua kikuu hata kama anatumia enalaprili, kwa kuwa kidonge hakimkingi mtu na vijidudu. Kinachothibitisha kwamba dawa ndiyo mkosaji ni muda: ikisimamishwa, kikohozi kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wengine huchukua hata miezi mitatu. Asiyejua hili hupewa dawa ya kikohozi, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine, na kila asubuhi anameza tena kile kinachomkohoza.

Bradikinini hiyohiyo ina sura nyingine, adimu lakini ya hatari: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Inaweza kutokea siku za mwanzo au baada ya miaka ya kumeza dawa bila tatizo, na watu wenye asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi kuliko wengine. Huyo hapaswi kungoja kliniki ya mwezi ujao; anakimbizwa hospitali mara moja, na dawa za kundi hilo hapewi tena maisha yake yote.

Swali la pili kwenye karatasi yetu linamhusu mwanamume wa miaka 60 ambaye vifundo vya miguu yake huvimba kila jioni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Asubuhi uvimbe umepungua. Hapati shida ya kupumua akilala, mkojo hauna protini, na uzito wake haujapanda. Anatumia amlodipini, na mwezi uliopita dozi yake iliongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10.

Amlodipini huziba njia ambazo kalsiamu hupitia kuingia kwenye misuli ya kuta za mishipa. Msuli usipopata kalsiamu haukazi, mshipa unapanuka, presha inashuka. Hadi hapa ni rahisi. Kinachosahaulika ni kwamba amlodipini haipanui mishipa yote kwa kiasi sawa. Hupanua sana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye tishu, na haigusi sana ile inayoirudisha. Ni kama mkulima wa mpunga aliyefungua lango la kuingizia maji kwenye jaruba lakini akaacha la kutolea vilevile lilivyokuwa. Maji yanajaa, yanatafuta pa kupenya. Mwilini yanapenya kwenye kuta nyembamba za kapilari na kukaa chini ya ngozi, na kwa kuwa uzito huyavuta chini, yanaonekana kwenye vifundo baada ya siku nzima ya kusimama.

Ukielewa hivyo, maswali matatu yanajibika kwa pamoja. Kwa nini uvimbe umekuja baada ya dozi kuongezwa? Kwa sababu lango limefunguliwa zaidi. Kwa nini vidonge vya kukojoza haviusaidii sana? Kwa sababu tatizo haliko kwenye wingi wa maji mwilini. Liko kwenye msukumo ndani ya kapilari. Na kwa nini kuongeza enalaprili au losatani mara nyingi hupunguza uvimbe, ilhali nazo ni dawa za kupanua mishipa? Kwa sababu hizo hulegeza pia mishipa inayorudisha damu. Lango la kutolea nalo linafunguka.

Dawa ya tatu haihitaji muda mrefu. Haidroklorothiazaidi huzuia figo isirudishe chumvi mwilini katika sehemu moja ya mirija yake. Chumvi inatoka na maji, mgonjwa anakojoa zaidi, presha inashuka. Chumvi hiyo inapofika mbele zaidi kwenye mirija, figo hujaribu kuokoa baadhi yake kwa kuibadilisha na potasiamu, ndiyo maana potasiamu hushuka: misuli inachoka, miguu inakaza usiku. Na mwili ukipungukiwa maji, figo hushikilia asidi ya yuriki badala ya kuitoa, nayo ikizidi hutengeneza chembe kali kwenye viungo. Mgonjwa wa swali la tatu, mwanamume aliyeamka saa nane za usiku kidole gumba cha mguu kikiwa chekundu kiasi cha kushindwa kuvumilia shuka, ana jongo, na dawa yake ni hii. Zingatia tu kwamba potasiamu hapa inashuka, wakati kwa enalaprili inapanda. Mtunzi wa swali hupenda sana kugeuza neno hilo moja.

Propranololi ina historia yake. Sir James Black, Mskoti aliyeigundua, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988, na dawa hii ilitajwa katika sababu za tuzo hiyo. Huziba vipokezi ambavyo adrenalini hutumia kuharakisha moyo. Moyo unapiga polepole na kwa nguvu ndogo, presha inashuka. Tukiuliza swali letu lilelile, vipokezi vya jamaa hiyo viko wapi kwingine, jibu ni kwenye mirija ya hewa, ambako adrenalini huvitumia kuifungua. Mwenye pumu akipewa propranololi, kwa presha au hata kwa kipandauso na mikono kutetemeka, kifua kinaweza kumbana.

Mbaya zaidi ni kile kinachofuata. Anapuliza dawa yake ya salbutamoli, na haimsaidii kama ilivyozoea. Salbutamoli hufungua mirija kwa kugusa vipokezi vilevile ambavyo propranololi imeshavikalia. Swali linaloandika kwamba mgonjwa hapati nafuu kwa dawa yake ya kupuliza limekwishatoa jibu kwa anayesoma kwa makini. Kuna tahadhari moja inayotoka humohumo: moyo uliozuiwa adrenalini kwa miezi huongeza vipokezi vyake, hivyo mtu akiacha propranololi ghafla, adrenalini hukuta milango mingi zaidi ya zamani, na mapigo na presha huweza kupanda kwa kishindo. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Njia hii ya kufuata dawa mahali inapogusa ina mwisho wake, na mwanafunzi anapaswa kujua unapoishia. Methaildopa, ambayo hutumika sana kwa wajawazito wenye presha, hufanya kazi kwenye ubongo, kwa kutuliza amri zinazokwenda kubana mishipa. Kutokana na hapo unaweza kukisia usingizi na uchovu. Huwezi kukisia kwamba baadhi ya watumiaji watatengeneza kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za damu yao wenyewe. Haidralazini ni vivyo hivyo: inapanua mishipa, lakini ikitumika kwa muda mrefu na kwa dozi kubwa huweza kuleta hali inayofanana na ugonjwa wa lupasi, yaani viungo kuuma, homa na vipele. Hakuna mshipa utakaoufuata ufike kwenye lupasi. Haya yanatokana na kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, na hukaririwa tu. Ushauri wangu kwa anayejiandaa ni kuokoa nguvu ya kukariri kwa ajili ya haya machache, asiimalize kwenye yale yanayojieleza.

Maswali yenyewe nayo hutofautiana ubora. Kasoro ya kawaida kabisa ni kuweka dawa tano na maudhi matano, kila moja itumike mara moja. Anayejua nne anapata ya tano bure, na anayejua tatu anabaki na bahati nasibu ya nusu kwa nusu. Ndiyo maana watunzi makini huweka majibu saba au nane kwa maswali manne, na kuandika juu kwamba jibu linaweza kutumika mara moja, zaidi ya mara moja, au lisitumike kabisa. Kasoro nyingine ni kuchanganya vitu visivyolingana: orodha ikiwa na dawa nne za presha na moja ya minyoo, hiyo ya minyoo haimpotoshi mtu yeyote. Kipotoshi kizuri kinafanana na jibu. Losatani ni kipotoshi kizuri cha enalaprili kwa kuwa zinatofautiana mahali pamoja tu, na pahala hapo ndipo penye somo.

Tumalizie na swali gumu zaidi kwenye karatasi, lile ambalo maudhi yake yamefungana kama mnyororo. Mwanamke wa miaka 63 alipewa amlodipini miligramu 10. Miguu ikavimba. Alipokwenda kituo kingine akapewa furosemaidi ya kukojoza, kwa kudhani moyo umeanza kushindwa. Uvimbe ukapungua kidogo tu. Miezi mitatu baadaye anakuja na jongo kwenye kidole gumba, potasiamu iko chini, na safari hii anaandikiwa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Wiki mbili baadaye presha imepanda na miguu imevimba kuliko mwanzo. Oanisha kila tatizo na dawa iliyolileta.

Uvimbe wa kwanza ni wa amlodipini. Jongo na potasiamu kushuka ni vya furosemaidi, ambayo huifanyia asidi ya yuriki na potasiamu kama ilivyofanya haidroklorothiazaidi. Presha kupanda na uvimbe kuongezeka ni kwa sababu ya diklofenaki, ambayo huzuia vitu vinavyoisaidia figo kutoa chumvi. Magonjwa matatu mapya, na hakuna hata moja aliloumwa kabla ya kuandikiwa dawa. Vidonge vilivyo mkononi mwake sasa ni vitatu, na mtu wa nne angeweza kuongeza cha nne kwa ajili ya presha iliyopanda.

Swali lina kipengele cha mwisho: ungebadilisha nini? Jibu linalopata alama zote linaanzia mwanzo wa mnyororo, halianzii mwisho. Diklofenaki inasimamishwa, na maumivu ya jongo yanatafutiwa dawa nyingine. Furosemaidi inaondolewa, ikishahakikishwa kwamba moyo na figo ni vizima. Amlodipini inarudishwa miligramu 5, na nafasi iliyobaki inajazwa na losatani, huku kreatinini na potasiamu zikipimwa kabla na tena baada ya wiki moja au mbili. Mwanafunzi anayejua dawa hizi vizuri ataongeza sababu ya kuchagua losatani kuliko enalaprili kwa mgonjwa huyu: mara chache sana hukohoza, na inaisaidia figo kutoa asidi ya yuriki kwenye mkojo, jambo ambalo dawa nyingine za kundi lake kwa kawaida hazifanyi.